Mfuko umeipita fahirisi kwa miaka mitano, ila meneja ana miaka miwili. Karatasi hii inasomwaje?

Mwanzo_Mpya
Wakuu, habari za jioni. Nina karatasi za mifuko miwili ya hisa za dunia, zote za tarehe 31 Desemba 2024, kila moja kurasa mbili. Majina nayaacha, sitaki uzi ugeuke tangazo wala vita. Tuite A na B.

A una meneja anayechagua hisa. B unafuata fahirisi ya MSCI World, na A nao unajipima kwa fahirisi hiyo hiyo. Kote ni dola, na gawio limehesabiwa ndani. Jedwali la A, kwa asilimia, linasema hivi:

2020: mfuko 25.4, fahirisi 15.9
2021: mfuko 24.0, fahirisi 21.8
2022: mfuko −19.6, fahirisi −18.1
2023: mfuko 20.1, fahirisi 23.8
2024: mfuko 15.9, fahirisi 18.7
Miaka mitano kwa jumla: mfuko 74.0, fahirisi 69.8

Ada ya A ni 1.45 kwa mwaka, kampuni 52, hisa kumi za juu zinabeba 38.2 ya mfuko, fedha taslimu 7.5. Anguko kubwa ndani ya miaka mitano ni −27.1. Kuhusu meneja wameandika kwa wino mzito: "Uzoefu wa miaka 21".

B una ada ya 0.20 na tofauti ya ufuatiliaji ya −0.07 kwa mwaka 2024.

Kwa macho yangu A ameshinda kwa pointi nne pamoja na ada yake kubwa. Kuna ninachokosa?

Subira77
Dada, hiyo A inanunuliwa wapi na kiwango cha chini cha kuanzia ni kiasi gani? Na mimi nataka.

Mwanzo_Mpya
Subira77, bado sijanunua chochote, ndiyo maana nauliza.

Fundi_Namba
Usisahau kutoa ada. 74 ukitoa 1.45 mara tano unabaki na kama 67, kwa hiyo fahirisi ndiyo imeshinda. Kesi imekwisha.

Mlinda_Hazina
Fundi, hapana. Mapato yanayochapishwa kwenye karatasi hizi kwa kawaida yametokana na thamani ya kipande, na thamani ya kipande hutolewa baada ya ada ya usimamizi kukatwa. Ukiitoa tena unamtoza mtu mara mbili. Kinachoweza kuwa hakijakatwa ni ada ya kuingia au kutoka, na hiyo hutajwa kwenye maandishi madogo chini ya jedwali. Kwa hiyo 74.0 iacheni ilivyo.

Dada Mwanzo_Mpya, kabla ya yote fungua ukurasa wa pili utafute mstari unaosema meneja huyu anasimamia mfuko HUU tangu lini. Miaka 21 ya uzoefu ni ya maisha yake ya kazi. Anaweza kuwa ameitumikia kwingine kabisa, hata kwenye hatifungani.

Mwanzo_Mpya
Shikamoo mzee. Nimeuona, umejificha karibu na namba ya usajili: "Meneja tangu: 01.10.2022".

Mlinda_Hazina
Marahaba. Sasa karatasi imeanza kuongea. Chukua jedwali lako mwenyewe ulikate vipande viwili.

Miaka ya 2020 na 2021 ni ya mtu aliyetangulia. Zidisha 1.254 kwa 1.240 unapata 1.555, yaani faida ya 55.5. Fahirisi kwa miaka hiyo miwili ni 1.159 mara 1.218, kama 41.2. Aliyetangulia aliiacha fahirisi kwa pointi 14.

2023 na 2024 ni miaka kamili ya huyu wa sasa. 1.201 mara 1.159 ni 1.392, yaani 39.2. Fahirisi ni 1.238 mara 1.187, takriban 47. Huyu ameachwa nyuma kwa karibu pointi 8.

Zile pointi nne ulizoziona ni akiba aliyoiacha mtu ambaye hayupo tena, na aliyepo amekuwa akiila kidogo kidogo. Kila namba kwenye karatasi ina tarehe yake ya kuanzia, na mara nyingi tarehe hizo hazifanani hata kama zimechapwa ukurasa mmoja. Mimi huanza na tarehe ndipo niende kwenye asilimia.

Kasi_Kasi
Mzee unamwonea kijana wa watu. Umeruka robo ya mwisho ya 2022! Ameingia Oktoba, na kwa namba hizo hizo tangu aingie mfuko umepanda zaidi ya asilimia 53 ndani ya miaka miwili na robo. Nani kati yenu amepata 53? Huyo ni moto.

Mlinda_Hazina
Kasi_Kasi, robo hiyo umenikumbusha vizuri, tuiweke. Tuchukulie lile anguko la A la −27.1 ni la kutoka mwisho wa 2021 hadi mwisho wa Septemba 2022, na mwaka ukafungwa kwa −19.6. Gawanya 0.804 kwa 0.729, unapata kama 10.3 kwa robo ile. Ukizidisha na miaka miwili iliyofuata, 53.5. Namba yako ni sahihi.

Fahirisi nayo ilishuka kama 25.4 kutoka mwisho wa 2021 hadi mwisho wa Septemba 2022, kisha ikafunga mwaka kwenye −18.1. Hiyo ni 9.8 kwa robo, na ukiendeleza hadi mwisho wa 2024 unapata kama 61. Kijana aliingia soko likiwa sakafuni. Yeyote aliyekabidhiwa mfuko wa hisa za dunia siku ile, akiwemo asiyefanya lolote, angeonekana moto. Robo yake ya kwanza alishinda kwa nusu pointi, baada ya hapo ameachwa miaka miwili mfululizo.

Karatasi za mifuko zinapenda sana safu ya "tangu meneja aanze". Si uongo, ila ukiona imesimama peke yake bila fahirisi ya kipindi kile kile pembeni, jitafutie mwenyewe.

Kalamu_Nyekundu
Niliwahi kufanya kazi kwenye ofisi ya kutayarisha hizi karatasi, basi niongeze upande ambao hamjaugusa: lile anguko la −27.1. Mwanzo_Mpya, limeandikiwa tarehe kamili au miezi?

Mwanzo_Mpya
Miezi. "Des 2021 – Sep 2022". Kwa B ni −25.4, miezi hiyo hiyo.

Kalamu_Nyekundu
Nilivyodhani. Hizo zimehesabiwa kwa bei za mwisho wa mwezi tu. Tulikuwa tunafanya hivyo kwa sababu mfumo ulihifadhi namba sitini kwa miaka mitano badala ya elfu moja na ushee. Hakuna hila hapo, lakini matokeo yake yanapotosha sana, na 2020 ndio mfano wake.

Chukua S&P 500, fahirisi ya kampuni kubwa za Marekani, namba zake ziko wazi kwa kila mtu. Tarehe 19 Februari 2020 ilifunga kwenye 3,386. Tarehe 23 Machi ilifunga kwenye 2,237. Hilo ni anguko la karibu 34 kwa wiki tano hivi. Sasa itazame kwa macho ya mwisho wa mwezi: 31 Desemba 2019 ilikuwa 3,231, na 31 Machi 2020 ilikuwa 2,585. Anguko ni 20 kamili. Kilele cha Februari na shimo la Machi vyote viliangukia katikati ya mwezi, kwa hiyo pointi 14 zimetoweka bila mtu kudanganya.

Mwaka 2022 ulikuwa tofauti. Soko lilishuka polepole, kilele kikawa mwanzoni kabisa mwa Januari na shimo likawa tarehe 12 Oktoba. Kwa bei za kila siku S&P ilishuka 25.4, kwa mwisho wa mwezi 24.8. Hakuna tofauti ya maana.

Ndiyo maana karatasi ya dada inasema anguko kubwa ni la 2022. Kwa mwisho wa mwezi 2022 ni kubwa kuliko 2020. Kwa kila siku, 2020 inalizidi kwa mbali.

Kasi_Kasi
Sawa, lakini si angalau tunajua mfuko hauwezi kushuka zaidi ya 27? Hiyo inatosha kwa kupanga.

Kalamu_Nyekundu
Hapana ndugu yangu. Ni kumbukumbu ya kilichotokea ndani ya dirisha hilo, haikuwekei mpaka wowote. Na dirisha linasogea kila mwezi. Karatasi ya mwisho wa Machi 2025 itakuwa na dirisha linaloanzia mwisho wa Machi 2020, yaani anguko lote la Februari na Machi litakuwa limetoka nje, hata kwa anayehesabu kila siku. Mfuko hautakuwa umebadilika kitu. Ni kama ilivyokuwa mwaka 2014: karatasi za miaka mitano zilipendeza kweli, kwa sababu dirisha lilianza baada ya Machi 2009, na S&P ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu kati ya Oktoba 2007 na mwezi huo.

Dada, kama tovuti ya mfuko inakupa bei za kila siku, pakua. Weka tarehe safu A na bei safu B kuanzia mstari wa pili, ya zamani kabisa ikiwa juu, halafu:

```
C2: =MAX(B$2:B2)
D2: =B2/C2-1
F1: =MIN(D:D)
```

Buruta C na D hadi chini kabisa. F1 ndiyo jibu. Hakikisha ni daraja la vipande linalolimbikiza gawio. Ukichukua linaloligawa, bei inashuka siku ya gawio na hesabu itakuonyesha anguko lisilokuwepo.

Mpita_Njia
Jamani kuhusu fahirisi, mimi nina mfuko wa kufuata fahirisi tangu 2019 na karatasi yake inaonyesha unaipiga fahirisi kwa kama 1.6 kila mwaka. Kila mwaka, wala haukosi. Sasa hapa nasikia mfuko mzuri unabaki nyuma kidogo. Wangu ni wa ajabu au?

Fundi_Namba
Haiwezekani. Labda unatumia madeni kununulia hisa.

Mlinda_Hazina
Taratibu Fundi. Mpita_Njia, soma jina kamili la fahirisi chini ya jedwali. Fahirisi moja huwa na matoleo matatu. Kuna la bei tupu, lisilohesabu gawio hata senti. Kuna lenye gawio lote bila kodi. Na kuna lenye gawio baada ya kodi ya zuio. Mfuko wako unapokea gawio na kulirudisha ndani. Ukipimwa na fahirisi ya bei tupu, utashinda kila mwaka kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe, hata meneja akilala usingizi.

Mpita_Njia
Mzee... imeandikwa "Price Return". Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa najivunia gawio langu mwenyewe. Na yule aliyeniuzia ndiyo namba aliyoanza nayo.

Kalamu_Nyekundu
Pole. Hapo ndipo mtu anapouziwa mbuzi kwenye gunia. Kanuni yangu: mfuko wa kufuata fahirisi ukishinda kwa zaidi ya pointi moja kila mwaka, kilichoshinda ni uchaguzi wa fahirisi ya kulinganisha. Tafuta toleo lenye gawio baada ya kodi, ulinganishe upya kwa tarehe zile zile.

Mwanzo_Mpya
Yangu imeandikwa "Net Total Return" kwa zote mbili. Ila sasa nimechanganyikiwa na B. Ada ni 0.20, lakini mfuko umebaki nyuma kwa 0.07 tu. Hiyo 0.13 nyingine nani kalipa?

Fundi_Namba
Hili naliweza. Kwenye B lazima kuna mstari mwingine, mtikisiko wa ufuatiliaji, utakuwa kama 0.04. Ndiyo namba halisi ya umbali wa mfuko na fahirisi. Kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo unavyopoteza kidogo.

Mwanzo_Mpya
Kweli upo, na ni 0.04.

Mlinda_Hazina
Fundi uko nusu ya njia. Mtikisiko unapima kama pengo linatulia au linayumba. Haupimi ukubwa wake. Mfuko unaobaki nyuma kwa nusu pointi kila mwaka, kwa mwendo ule ule, mtikisiko wake utakaribia sifuri na mwenye vipande bado atakuwa amepoteza nusu pointi kila mwaka. Anayetaka kujua mfukoni kimetoka nini anatazama tofauti ya ufuatiliaji: mapato ya mfuko kutoa mapato ya fahirisi. Mtikisiko mdogo unakusaidia kuamini kwamba pengo la mwaka jana litafanana na la mwaka ujao, basi.

Sasa swali la dada, maana ni zuri. B umesajiliwa wapi?

Mwanzo_Mpya
Ireland.

Mlinda_Hazina
Basi tumepata mlipaji. MSCI wanapotengeneza toleo la baada ya kodi, wanachukulia mwekezaji wa nje anayekatwa kiwango cha juu, asiye na nafuu ya mkataba wowote wa kodi. Kwa gawio la kampuni za Marekani hicho ni asilimia 30. Mfuko uliosajiliwa Ireland, kwa mkataba wa nchi hizo mbili, unakatwa 15. Fahirisi imelipishwa kodi ambayo mfuko haulipi.

Piga hesabu ya haraka. Marekani ni zaidi ya theluthi mbili ya MSCI World, tuseme 0.72. Gawio la kampuni zake ni dogo, tuchukue 1.3 kwa mwaka. Nafuu ya kodi ni 0.15. Zidisha vyote vitatu unapata kama 0.14. Ada 0.20 inarudishiwa 0.14, pengo linalotarajiwa ni karibu −0.06. Wao wana −0.07. Wako sawa kabisa.

Geuza upande wa pili. Mfuko mwingine wa aina hii, uliosajiliwa huko huko, wenye ada ya 0.20 na pengo la −0.20 utaambiwa "unabaki nyuma kwa ada yake tu, safi." Si safi. Kuna 0.14 imevuja mahali: gharama za kununua na kuuza, fedha zinazokaa bure, au unashika sampuli ya hisa chache badala ya zote. Na kuna mifuko inayokopesha hisa zake na kugawana mapato, hiyo inasogeza pengo upande wa faida. Ndiyo maana ada pekee haikuambii mfuko gani wa fahirisi ni wa bei nafuu.

Ila usitegemee mwaka mmoja. Angalia mitano. Ukiona −0.07, −0.05, −0.08, tulia. Ukiona −0.05 halafu ghafla −0.40, uliza.

Kalamu_Nyekundu
Na wasichanganye fahirisi ya leo na ya jana. Tulishawahi kuchapa karatasi ambayo mfuko ulibadilisha fahirisi katikati, na jedwali likaunganisha zile mbili kama mnyororo. Taarifa yake ilikuwa maandishi madogo tu.

Mwanzo_Mpya
Nimerudi na kazi ya nyumbani. Bei za kila siku zilipatikana kwa zote mbili, daraja la kulimbikiza. A: −34.6, kutoka 19 Februari hadi 23 Machi 2020. B: −34.0, siku hizo hizo. Kalamu umenifungua macho. Karatasi iliniandaa kwa 27.

Jambo la pili. Nimefukua karatasi ya zamani ya A, ya Juni 2022, kabla meneja hajabadilika. Wakati ule ilikuwa na kampuni 31. Sasa 52. Kwenye kumi za juu za zamani ni Microsoft na Alphabet tu zimebaki. Nane zote zimeondoka.

Mlinda_Hazina
Hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote kwenye uzi huu. Mtu akikabidhiwa mfuko wa kampuni 31 na akaufanya 52, huku kumi za juu zikiwa karibu mpya zote, mfuko uliozaa zile 25.4 na 24.0 haupo tena. Limebaki jina na namba ya usajili.

Historia ina mfano maarufu. Peter Lynch aliuongoza mfuko wa Magellan wa Fidelity kuanzia 1977 hadi 1990, kwa wastani wa takriban asilimia 29 kwa mwaka. Baada yake wameshika usukani watu wengine kadhaa. Safu ya "tangu kuanzishwa" iliendelea kubeba miaka yake, na mnunuzi wa 1995 hakununua hata siku moja ya kazi yake.

Sasa tuangalie hizo kumi za juu za leo. Zitaje.

Mwanzo_Mpya
Microsoft 7.4, Nvidia 6.1, Alphabet A 3.4, Alphabet C 2.7, nyingine sita ni kati ya 2.4 na 3.8. Chini yake kuna nyota: "umiliki ni kufikia 30 Novemba 2024".

Kalamu_Nyekundu
Alphabet imeingia mara mbili kwa sababu ina aina mbili za hisa sokoni, A zenye kura na C zisizo na kura. Karatasi inahesabu mistari, haihesabu kampuni. Kwa hiyo kumi zako ni tisa, na Alphabet peke yake ni 6.1, sawa na Nvidia. Hilo halikuonekana mpaka ulipojumlisha. Na nyota ya Novemba ni kawaida, orodha ya umiliki mara nyingi hutoka nyuma ya mapato. Ukisoma mapato ya Desemba ukasema "yametokana na hisa hizi," unaunganisha siku mbili tofauti.

Mlinda_Hazina
Namba ninayoitazama zaidi hapo si 38.2, ingawa kumi za juu za fahirisi yenyewe zilikuwa karibu robo tu kwa wakati huo. Ni ile 7.5 ya fedha taslimu. Tuseme alikaa nayo mwaka mzima wa 2024. Fedha zilipata kama asilimia 5 kwa dola, fahirisi 18.7. Pengo la 13.7 mara 0.075 ni kama pointi moja. Aliachwa kwa 2.8 mwaka ule. Theluthi moja ya kuachwa kwake inaweza kuwa imetokana na kukaa na fedha, wakati wewe unamlipa 1.45 hata kwenye hizo zilizolala.

Kasi_Kasi
"Tuseme." Mzee hujui kama alikaa nazo mwaka mzima. Labda ziliingia Desemba kutoka kwa wateja wapya.

Mlinda_Hazina
Kweli kabisa, karatasi moja haiwezi kulijibu hilo. Zinahitajika za Machi, Juni na Septemba.

Mwanzo_Mpya
Ninayo ya Juni 2024 tu. Fedha taslimu 6.9.

Kasi_Kasi
Mbili si mwaka mzima, lakini sawa, nakubali inaelekea huko. Bado nasema miaka miwili ni michache kumhukumu mtu. Miaka hiyo soko lilibebwa na kampuni kubwa chache mno, na kila aliyetawanya hisa zake aliachwa.

Kalamu_Nyekundu
Hapo namuunga mkono Kasi_Kasi. Pengo la A na fahirisi linayumba labda pointi 5 kwa mwaka. Meneja mwenye uwezo halisi wa kushinda kwa 2 kila mwaka angehitaji kama miaka 25 ili takwimu zimtofautishe na bahati kwa uhakika unaokubalika. Hakuna meneja anayekaa hivyo. Miaka miwili haimtii hatiani huyu, na ile miwili ya mwenzake haikumthibitisha yule.

Mlinda_Hazina
Sipingi hesabu yako. Napinga hitimisho. Kama takwimu haziwezi kumthibitisha yeyote, basi mzigo wa kuthibitisha unamwangukia anayetoza 1.45, si anayetoza 0.20. Ada ndiyo namba pekee kwenye karatasi hii inayouhusu mwaka ujao.

Kalamu_Nyekundu
Na jinsi anavyofanya kazi? Idadi ya kampuni, fedha taslimu, kasi ya kubadilisha hisa? Hizo zinaonekana bila kusubiri miaka 25. Mimi naweza kumlipa mtu nikielewa anachofanya, hata kabla takwimu hazijakomaa.

Mlinda_Hazina
Tutakubaliana kutokubaliana, kama kawaida yetu.

Subira77
Kwa hiyo jamani ni A au B? Mtu atoe jibu moja.

Fundi_Namba
Chukua zote mbili ugawe nusu kwa nusu, unatawanya hatari.

Kalamu_Nyekundu
Fundi, A na B zilishuka pamoja kuanzia siku ile ile hadi siku ile ile, 34.6 na 34.0. Na kampuni kubwa kwenye orodha ya A kama Microsoft, Nvidia na Alphabet zimo tayari ndani ya B. Hapo hakuna hatari iliyotawanywa, umeongeza ada tu.

Mwanzo_Mpya
Nimewaandikia wenye A nikiuliza mambo mawili: kwa nini fedha taslimu zimezidi 6 tangu Juni, na kama wana mapato ya meneja huyu pekee tangu 01.10.2022 pembeni ya fahirisi.

Kalamu_Nyekundu
Ongeza la tatu: aliyetangulia aliondoka lini hasa? Kuna wakati mtu anaondoka Mei na mwingine anateuliwa Oktoba, katikati mfuko unaendeshwa na "timu". Ukisoma karatasi yako ya Juni 2022, jina la nani limeandikwa?

Mwanzo_Mpya
Ngoja nitazame... Hakuna jina. Imeandikwa "Timu ya Hisa za Dunia".

Mlinda_Hazina
Basi tafuta ya Machi 2022.